Chubwi! Wapi mdiria? Namna ya kutunga shairi fupi la watoto kuhusu ndege mvuvi

Mwaka jana nilitaka shairi la watoto wangu wa chekechea, wa miaka mitano na sita, walighani siku wazazi watakapokuja. Ndege wa kila siku wa Mombasa ni kunguru, na kunguru walishaimbwa hadi tukawachoka. Nikamchagua mdiria, yule ndege mwenye mdomo mrefu anayejitupa majini kukamata samaki. Wazee wengine humwita detepwani. Nikakaa usiku mmoja na kikombe cha chai ya tangawizi, nikatunga hivi:

Mdiria ndege bora, apendeza kwa rangize,
Mtoni huwa imara, samaki awamalize.

Nikajisifu. Mizani kumi na sita kwa mstari, nane kabla ya kituo na nane baada yake, vina vya kati na vya mwisho vimekaa sawa, kama shairi la watu wazima linavyotakiwa. Huu ndio mkondo ambao Muyaka bin Haji aliutumia kuisema Mombasa yote, mji na watu wake, mwanzoni mwa karne ya 19. Asubuhi nikawasomea watoto. Mstari wa kwanza wakanifuata hadi "bora". Kutoka hapo kila mtoto alikwenda na njia yake, na wawili walipofika "awamalize" walikuwa wamekata pumzi. Halafu mmoja akaniuliza, "Mwalimu, sasa huyo ndege anafanya nini?" Swali la haki kabisa. Nilikuwa nimesema ni bora, anapendeza na ni imara, na sikuwa nimesema anafanya nini.

Yaliyo hapa chini ni njia niliyopita baada ya kulitupa shairi hilo. Nitalijenga jipya mbele yako, mstari kwa mstari, pamoja na ile iliyoharibika.

Hatua ya kwanza: panga vitendo vya ndege kabla ya kutafuta vina

Mombasa ni kisiwa, na maji mengi tunayoyaona ni ya bahari. Lakini nyuma ya kisiwa kuna mito: Kombeni unaingia hori ya Tudor, na Mwache unaingia Port Reitz. Pale maji ya mto yanapokutana na ya bahari ndipo mikoko inapoota, na juu ya mikoko hiyo ukitulia utamwona mdiria. Kama huwezi kwenda, muulize mvuvi yeyote wa huko akusimulie. Mimi nilisimama asubuhi moja kando ya hori, maji yakijaa, na haya ndiyo niliyoandika kwenye daftari.

Ndege ametua kwenye tawi linaloning'inia juu ya maji. Hasogei. Kichwa kimeinama, mdomo umeelekea chini. Muda unapita, mrefu kuliko mtoto anavyoweza kuvumilia. Ghafla mabawa yanabanwa ubavuni na ndege anashuka kichwa mbele. Maji yanaruka. Anapotea kabisa chini ya maji. Kabla hujamaliza kujiuliza yuko wapi, anatoka, anarudi kwenye tawi lilelile, na ukibahatika unaona kitu kinameta mdomoni. Anakigonga samaki kwenye tawi mara kadhaa mpaka kiache kupapatika, kisha anakimeza kichwa kwanza, ili mapezi na magamba yasimkwame kooni.

Hapo nina vitendo saba: kutulia, kutazama, kushuka, kupotea, kurudi, kugonga na kumeza. Shairi la mtoto halihitaji zaidi ya hapo. Na mpangilio wake umeshapangwa na ndege mwenyewe, kwa hiyo mtoto akisahau ubeti unaofuata anaweza kuukumbuka kwa kujiuliza ndege angefanya nini sasa.

Hapa pana mtego mmoja. Si kila mdiria ni mvuvi. Yule unayemwona kwenye waya wa umeme au kwenye mwembe wa jirani, mbali na maji, kwa kawaida anakula panzi na mijusi, wala hajitupi mtoni. Na hata wavuvi hawafanani. Yupo wa madoa meusi na meupe ambaye mara nyingi haanzii tawini: husimama hewani palepale, akipiga mabawa, kisha hujidondosha. Yupo mwingine mdogo sana, wa buluu inayong'aa na mdomo mwekundu, ambaye hukaa chini karibu na maji na kurukia hapo. Chagua mmoja na ushikamane naye. Ukimweka wa buluu kwenye mchoro na wa madoa kwenye maneno, mtoto atakukamata, wangu walinikamata. Mimi nilichagua wa tawini, kwa sababu kutulia kwake kunampa mtoto nafasi ya kunyamaza kabla ya kelele.

Hatua ya pili: sikiliza jina lenyewe linakupa nini

Tamka "mdiria" polepole ukipiga makofi: m-di-ri-a. Makofi manne. Hiyo "m" ya mwanzo inahesabiwa peke yake, kama ilivyo kwenye mtu, mti na mto. Usidanganyike ukadhani kila "m" au "n" iliyo mbele ya konsonanti ni hivyo. Kwenye "mbili", "ndege" na "mbio" sauti hizo zimeungana na silabi inayofuata: mbi-li, nde-ge, mbi-o, makofi mawili kila moja. Ila kwenye maneno mafupi sana, kama mbu, nchi na nta, sauti hiyo hurudi kuhesabiwa peke yake: m-bu, n-chi, n-ta. Ukitatanika, mpe mtoto apige kofi bila kumweleza kitu. Sikio lake halijaharibiwa na maandishi.

Kwa hiyo jina la ndege lina mizani minne, nusu kamili ya mstari wa mizani minane. Na mizani minane, kwa uzoefu wangu, ndiyo pumzi moja ya mtoto wa miaka mitano. Ndiyo mizani ya utenzi wetu wa kawaida pia, wenye mistari minne: mitatu ya kwanza inamalizika kwa kina kimoja, na wa nne una kina chake kinachorudi kila ubeti hadi mwisho. Mtoto anapata kitu kipya mara tatu, kisha anarudi nyumbani.

Na nyumbani ni wapi? Jina linamalizika kwa "-ia", na Kiswahili kimejaa vitenzi vya "-ia": tulia, vizia, rukia, zamia, tumbukia, rudia. Nilipogundua hivyo nilitaka kufunga kila ubeti kwa kitenzi tofauti cha namna hiyo. Nikajaribu, ikawa nzuri kwenye karatasi na mbaya darasani, kwa sababu watoto walivichanganya: wengine "akazamia" pale pa "akatulia". Mwisho nikaamua kila ubeti ufungwe kwa neno lilelile, mdiria. Mshairi mkongwe ataniambia kurudia neno zima badala ya kina ni uvivu. Kwa shairi la kughanwa na watu wazima nakubaliana naye. Hapa mstari wa nne unakuwa ule ambao darasa zima linaupokea kwa sauti, hata yule asiyekumbuka kitu kingine.

Hatua ya tatu: kina cha silabi moja hakimtoshi mtoto

Katika ushairi wetu kina ni silabi ya mwisho. "Tawini" na "mtoni" vina kina kimoja, "ni", na hakuna atakayekulaumu. Lakini Kiswahili kinatia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na masikio ya mtoto yanakwenda palipo na mkazo. Anasikia ta-WI-ni na m-TO-ni, na kwake hayo hayafanani. Hasikii mchezo wowote.

Ndiyo maana mashairi mengi ya watoto yaliyojaa "-ni" za mahali hayachezi mdomoni. Ni kina rahisi mno. Unaweza kubandika "-ni" kwenye nusu ya kamusi. Kanuni yangu kwa watoto wadogo ni kwamba irabu ya silabi ya pili kutoka mwisho nayo ifanane. Tawini, makini, majini: zote "-ini". Mtoni, mdomoni, mkokoni: zote "-oni". Usichanganye vikapu hivyo viwili ndani ya ubeti mmoja. Hapo mtoto anaanza kubahatisha neno linalokuja kabla hujalisema, na akilipata anacheka.

Hatua ya nne: andika ubeti kwa ubeti, ukipiga makofi

Ubeti wa kwanza ni wa kutulia. Nilianza na "Mdiria amekaa kwenye tawi la mkoko". Hesabu: m-di-ri-a a-me-ka-a kwe-nye ta-wi la m-ko-ko. Kumi na sita. Yaani nilirudi kulekule bila kujua. Tena nimelitaja jina la ndege mapema, na mwisho wa ubeti hakuna la kusubiri. Nikaugeuza uwe kitendawili: kwanza mahali, kisha hali, kisha kitendo, na jina lije mwisho kama jibu.

Juu ya mto, tawini,
Katulia kwa makini,
Anatazama majini,
Nani? Ndege mdiria!

Angalia "katulia". Ningesema "ametulia" ningepata silabi moja zaidi na "kwa" isingeingia. Mombasa tunasema "kafika", "kalala", "kenda" kila siku, hivyo mtoto haoni ajabu, na wewe umepata njia halali ya kupunguza mzani mmoja. Ni tofauti na zile inkisari za washairi, kama "rangize" yangu ya mwanzo. Mtoto anayejifunza kusoma hajui bado kwamba "rangize" ni "rangi zake", na ukimfundisha hivyo ataandika hivyo.

Ubeti wa pili nilitaka niruke moja kwa moja kwenye kupiga mbizi. Haikufaa, na sababu niliiona kwenye nyuso zao: ndege anashuka, lakini anashukia nini? Lazima samaki aonekane kwanza, tena mtoto ampende kidogo. Nikamfanya kisamaki, kwa "ki-" ya udogo, na hapo hapo nikapata upatanisho wa "ki-" unaosikika vizuri. Sikumtaja dagaa, kwa sababu dagaa wa mtoto wa Mombasa amekauka na yuko kwenye fungu sokoni.

Kisamaki kinacheza,
Mkia unapendeza,
Mtoni kinateleza,
Hakimwoni mdiria.

Mstari wa pili ulinisumbua. Ulianza kama "Mkia wake wapendeza", makofi tisa. Kofi moja la ziada mtu mzima hulimeza bila kujua. Mtoto halimezi, husimama. Hiyo ndiyo dalili ya uhakika kuliko hesabu yoyote: mahali watoto watatu tofauti wanapokwama palepale, mizani imezidi, hata kama umehesabu mara kumi ukaona sawa. "Mkia unapendeza" ikawa nane.

Mstari wa nne hapo ndio ninaoupenda kuliko yote. Mtoto anamjua mdiria yuko wapi, kisamaki hakijui. Msichana mmoja kila tukifika hapo alikuwa anafumba macho.

Ubeti wa tatu ni kushuka, na ndipo nilipotumia siku nyingi. Kiswahili kina neno la kuanguka majini ambalo halihitaji maelezo: chubwi. Nikalitia kila mstari, nikiona ni mali ya bure:

Moja, mbili, tatu, chubwi!
Kafunga mabawa, chubwi!
Kichwa mbele, chini, chubwi!

Mizani sawa, kina kimelingana kuliko kawaida, watoto wakapagawa. Ila walikuwa wanaruka mara tatu. Mdiria aliingia majini mara tatu kabla hajatoka hata mara moja, na yule aliyeniuliza ndege anafanya nini akauliza tena, "Kwani amekosa mara mbili?" Neno la mlio ni kama pilipili, hukaa mahali pamoja. Nikaliondoa kote nikaliacha mwanzo wa mstari wa nne, na mistari mitatu ya kwanza nikaifanya ya kusubiri:

Mabawa ameyabana,
Anashuka mbio sana,
Moja, mbili, tatu, wana!
Chubwi! Wapi mdiria?

"Wana" ni watoto, neno wanalolisikia kwa bibi zao. Hesabu inamfanya mtoto ashike pumzi, kisha chubwi inaangukia kofi la kwanza la mstari, pale sauti inapokuwa na nguvu. Baada ya chubwi huwa nanyamaza kidogo kabla ya "Wapi". Kimya hicho ndicho kupotea kwa ndege chini ya maji, hakihitaji maneno.

Najua "sana" kwenye mstari wa pili ni ya kujazia. Maneno ya kujazia (sana, kweli, hakika, jama) yana tabia ya kuingia ubetini kama mchanga kwenye viatu, na ukiwa na mawili katika ubeti mmoja, huo ubeti haujaiva. Moja nililivumilia kwa sababu ndege kweli anashuka mbio sana, na sikupata "-ana" nyingine isiyopinda maana. Ukipata, nipe.

Ubeti wa nne ni kurudi:

Huyo! Katoka mtoni,
Kisamaki mdomoni,
Anarudi mkokoni,
Shiba, shiba, mdiria!

Mkokoni lilikuwa zawadi. Nililitafuta kina cha "-oni" nikapata shimoni, machoni, ukingoni, yote ya kulazimisha, mpaka nikakumbuka tawi nililoliona lilikuwa la mkoko. Kitu ulichokiona kwa macho mara nyingi kina kina chake; tatizo ni kwamba tunakwenda kuuliza kamusi kabla ya kuuliza daftari.

Nilikuwa na ubeti wa tano wa kugonga samaki kwenye tawi: "Kakigonga, ko! ko! ko! ko!" Nane barabara. Nikauondoa baada ya siku moja, si kwa sababu za kishairi. Watoto ishirini na sita walipiga meza kwa pamoja, na mwalimu wa darasa la pili akaja mlangoni na chaki mkononi, hakusema neno. Kama darasa lako liko peke yake chini ya mwembe, urudishe.

Hatua ya tano: upande wa samaki

Hapa nilipata tatizo ambalo sikulitegemea. Kwa kuwa kisamaki nimekifanya kipendwe, watoto kadhaa hawakutaka kiliwe. Mpwa wangu, niliyekuwa namfanyia majaribio nyumbani, alifika ubeti wa nne akanyamaza.

"Shangazi, mimi sisemi hiyo."

"Kwa nini baba?"

"Mama yake atamtafuta."

Nilifikiria kuubadilisha ubeti wa pili ili samaki awe mtu baki tu. Ningeharibu shairi zima. Badala yake nilikumbuka jambo la kweli kuhusu mdiria: hukosa, tena mara nyingi. Anashuka, anatoka mtupu, anajikung'uta, anarudi kusubiri. Kwa hiyo mwisho wa pili si uongo wa kumbembeleza mtoto, ni mambo yanayotokea mtoni kila siku. Na kwa bahati ulihitaji mistari miwili tu kubadilika:

Huyo! Katoka mtoni,
Hana kitu mdomoni,
Anarudi mkokoni,
Pole sana, mdiria!

Ukiwa na miisho miwili unaweza kuwafanya watoto wachague. Mimi huuliza baada ya "Chubwi! Wapi mdiria?": "Kapata au kakosa?" Wanapiga kelele jibu, na ubeti unaofuata unakwenda kwa jibu lao. Kuna siku darasa limegawanyika nusu kwa nusu, tukaghani yote miwili. Cha ajabu, wavulana wawili watoto wa wavuvi walichagua "kapata" kila siku bila kupepesa. Kwao samaki kutopatikana si habari njema.

Hatua ya sita: lipitishe midomoni kabla ya kuliita shairi

Usilipime kwa kulisoma mwenyewe. Wewe unajua unakokwenda. Mchukue mtoto mmoja, mghanie mara mbili, mwambie akurudishie, nawe usimsahihishe. Andika anachosema. Neno analolibadilisha mara mbili mfululizo ni neno ambalo halikukaa, na mara nyingi alilotia yeye ni zuri kuliko lako. Kwenye rasimu yangu ubeti wa kwanza ulisema "Anakodolea maji". Watoto watatu, kila mmoja kwa wakati wake, walisema "anatazama". Nikawakubalia, nikaurekebisha mwisho wa mstari uwe "majini", na hapo ndipo kina cha "-ini" kilipokamilika.

Wengine watakutamkia "mudiria". Usihangaike, mu-di-ri-a bado ni makofi manne na mstari hautikisiki. Ulimi utanyooka wenyewe. Kinachotakiwa kukutia wasiwasi ni wakikuambia "mdria", maana hapo kofi moja limeanguka na mstari utachechemea. Rudi kwenye makofi.

Angalia pia beti zenye vina vya karibu. Wangu wa kwanza ni "-ini" na wa nne ni "-oni", na siku za mwanzo mmoja alitoka "anatazama majini" akaangukia "kisamaki mdomoni", shairi likaisha kabla ndege hajashuka. Nilijaribu kuuandika upya, nikaona haifai. Nikaongeza ishara za mikono. Ubeti wa kwanza mikono imefungwa kifuani na kichwa kimeinama. Wa pili kiganja kinayumba kama mkia. Wa tatu viwiko vimebanwa ubavuni, kisha wanachuchumaa kwa pamoja kwenye "Chubwi!" na kufunika uso. Wa nne wanasimama. Mwili ukiwa umefungwa kifuani mdomo hauwezi kusema "mdomoni", sijui kwa nini, lakini hauwezi.

Kufundisha, anza na mistari ya nne peke yake. Siku ya kwanza mwalimu anaghani yote, watoto wanapokea "Nani? Ndege mdiria!", "Hakimwoni mdiria", "Chubwi! Wapi mdiria?" na "Shiba, shiba, mdiria!" Siku ya pili ongeza ubeti wa tatu, kwa sababu wanautaka. Wa kwanza na wa pili vitakuja vyenyewe wakishachoka kusubiri chubwi. Mimi nilitumia siku nne, robo saa kila siku, kabla ya mapumziko ya saa nne.

Siku ya wazazi ilipofika, mvua ilikuwa inanyesha na bati la paa lilikuwa linapiga kelele, hivyo beti mbili za kwanza hazikusikika vizuri nyuma. Kwenye "Moja, mbili, tatu, wana!" nikaona kina mama wa safu ya mwisho wanahesabu pamoja na watoto. Kisha watoto wote wakapotea nyuma ya meza, na baba mmoja mlangoni, mwenye mwavuli unaochuruzika, akauliza kwa sauti, "Wapi?"